Mashine ya Igawilo na hela ya mwaka wa tano

(Hotuba kwa wanafunzi wa mwaka wa pili, Uyole, Mbeya, wiki moja kabla ya kuanza somo la kuchagua miradi)

Marahaba, wanangu. Mliosimama mlangoni ingieni, nafasi zipo huku mbele. Baridi ya Uyole haina huruma na mtu wa mlangoni.

Mkuu wa idara ameniambia kwamba wiki ijayo mnaanza kujifunza namna ya kuchagua miradi, na kwamba wengi wenu mmetokea kilimo, maendeleo ya jamii na ufundi. Neno riba mmelisikia kwenye vikoba vya mama zenu, darasani bado. Hilo linatosha kabisa. Leo sitatumia kitu chochote ambacho mama zenu hawakijui, ila nitakipanga kwa namna ambayo mwalimu wenu atakuja kukitungia mtihani.

Nianze na daftari. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katibu wa kikundi cha watu 15 pale Igawilo. Tulitaka kununua mashine ya kukoboa na kusaga mahindi. Tukijumlisha mashine yenyewe, mota, banda na kuvuta umeme, gharama ilifika shilingi 12,000,000. Tulikadiria kwamba kila mwaka, tukishalipa umeme, mshahara wa kijana wa mashine, mikanda, beringi na machekecheo, zitabaki 4,000,000 mkononi. Mafundi walituambia tuitegemee miaka mitano, baada ya hapo ni matengenezo makubwa au kununua nyingine. Basi mimi, kwa mkono wangu, nikaandika kwenye daftari la kikundi: "Mtaji unarudi baada ya miaka 3." Kumi na mbili gawanya kwa nne. Watu wakapiga makofi, na tukanywa soda.

Hesabu ile inaitwa kipindi cha kurejesha mtaji, na kwenye kugawanya sikukosea. Nilikosea mahali pengine. Niliichukua milioni nne ya mwaka wa tatu nikaiweka pembeni ya milioni nne ya mwaka wa kwanza kama vile ni ndugu mapacha. Pia niliichukua 12,000,000 tunayoitoa leo, ambayo wanachama wangeweza kuikopesha kwenye saccos au kuiweka kwenye hatifungani za serikali, nikaifanya kama hela isiyokuwa na kazi nyingine duniani.

Sasa tuirudie hesabu ile kama deni. Tuseme kikundi hakikuwa na senti, kikakopa 12,000,000 zote kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, riba inayohesabiwa kwenye salio, na kila mwisho wa mwaka kinapeleka milioni nne yote iliyobaki mashineni. Ninyi mkae upande wa mkopeshaji.

Mwaka wa kwanza unapoisha, deni la milioni 12 limezaa riba ya 2,160,000. Limefika 14,160,000. Mnapokea milioni nne, linabaki 10,160,000. Angalieni hapo: kati ya milioni nne tuliyoleta kwa jasho, zaidi ya nusu imekwenda kwenye riba, na deni lenyewe limepungua kwa 1,840,000 tu. Mwaka wa pili linazaa tena, tunalipa tena, linabaki kama 7,989,000. Mwaka wa tatu linabaki 5,427,000. Huu ndio mwaka ambao daftari langu lilisema mtaji umerudi! Mwaka wa nne linabaki 2,404,000. Mwaka wa tano linakua hadi 2,836,000, sisi tunaleta milioni nne, deni linaisha, na kwa mara ya kwanza tunabaki na chetu: 1,164,000.

Hiyo milioni nne ya mwaka wa tano, deni lilihitaji 2,836,000 tu, yaani takribani asilimia 71 yake. Asilimia 71 ya miezi 12 ni miezi minane na nusu. Kwa hiyo mtaji unarudi baada ya miaka minne na miezi minane na nusu, kwa mashine ya kuishi miaka mitano. Namba hii vitabu vinaiita kipindi cha kurejesha mtaji kwa thamani ya sasa. Jina refu, lakini maana yake ndiyo hiyo niliyowaonyesha: ni siku ambayo mradi ungemaliza deni lake kama mtaji wote ungekuwa wa kukopa. Mkisahau kila kitu nitakachosema leo, hilo nililosema sasa hivi lisipotee.

Mtaniuliza: mbona vitabuni hawahesabu hivyo? Kweli, wao wanakuja kwa mlango wa nyuma. Badala ya kulikuza deni kwenda mbele, wanaipunguza hela ya mbele irudi leo. Na hili nalo mnalijua. Kyela kuna mkulima anayebanwa na ada ya shule, anauza mpunga ungali shambani. Mnunuzi hampi bei ya gunia la mavuno. Anampa pungufu, kwa sababu yeye atasubiri, na kwa sababu mvua inaweza kumharibia. Ule upungufu ndio bei ya kusubiri. Mnunuzi yule hajasoma fedha, ila anafanya kile ambacho mtafundishwa wiki ijayo.

Kanuni yenyewe ni ya kugawanya. Ikiwa shilingi 100 ya leo inakuwa 118 mwakani, basi shilingi 118 ya mwakani ni sawa na 100 ya leo. Ukienda mbele unazidisha kwa 1.18, ukirudi leo unagawanya kwa 1.18. Hela ya mwaka wa pili unaigawanya mara mbili, ya mwaka wa tatu mara tatu. Ukiwa na eksel, weka namba ya mwaka kwenye safu ya A na fedha kwenye safu ya B, kisha andika:

```
=B2/1.18^A2
```

Milioni nne zetu zinatoka hivi, nimekata kwenye maelfu ili ubao usijae:

| Mwaka | Fedha iliyobaki | Thamani yake leo | Mtaji ambao bado |
|---|---|---|---|
| 0 | – | – | 12,000,000 |
| 1 | 4,000,000 | 3,390,000 | 8,610,000 |
| 2 | 4,000,000 | 2,873,000 | 5,737,000 |
| 3 | 4,000,000 | 2,435,000 | 3,302,000 |
| 4 | 4,000,000 | 2,063,000 | 1,239,000 |
| 5 | 4,000,000 | 1,748,000 | umerudi, ziada 509,000 |

Mwaka wa tano tulihitaji 1,239,000 kati ya 1,748,000. Gawanyeni. Inatoka ileile asilimia 71, miezi ileile minane na nusu. Na ile ziada ya 509,000 ni ileile 1,164,000 ya kwenye deni, imegawanywa kwa 1.18 mara tano. Njia mbili, mto mmoja. Siku ya mtihani mkisahau jedwali, fanyeni deni, mtafika.

Tahadhari ndogo kuhusu ile miezi. Jedwali linadhani fedha yote inafika siku ya mwisho ya mwaka, halafu sisi tunaikata kwa miezi kana kwamba inatiririka kila siku. Mambo hayo mawili hayapatani vizuri. Semeni "karibu na mwisho wa mwaka wa tano" na mtaeleweka. Mtu akikuletea andiko la mradi linalosema mtaji utarudi baada ya miaka 4.7088, huyo ameonyesha kikokotoo chake, mradi hajauonyesha.

Jambo lingine linalowaponza wengi ni ile milioni nne yenyewe. Ni fedha taslimu, siyo faida ya kwenye vitabu vya mhasibu. Mhasibu, kabla ya kusema faida, anatoa uchakavu wa mashine, tuseme 2,400,000 kila mwaka, yaani 12,000,000 aliyoigawa kwa miaka mitano. Lakini uchakavu hakuna mtu unayemlipa. Hela ya mashine ilishatoka yote siku ya kwanza, na tayari imesimama kule juu ya jedwali. Ukiitoa tena kila mwaka umeilipa mashine mara mbili, na mradi mzuri utaonekana mbovu. Kwenye jedwali hili inaingia hela iliyoshikika tu, kwenye mwaka iliposhikika.

Sasa tuje kwenye ile 18, maana hapo ndipo penye ugomvi. Namwona kijana amenyoosha mkono.

"Mwalimu, hiyo asilimia 18 ni kwa sababu shilingi inashuka thamani?"

Ahsante. Karibu kila darasa ninalokwenda naulizwa hivyo, na jibu ni hapana, au tuseme ni sehemu ndogo sana. Kwa takwimu za Ofisi ya Taifa ya Takwimu, wastani wa mfumuko wa bei mwaka 2024 ulikuwa asilimia 3.1. Kama kupanda kwa bei kungekuwa sababu pekee, tungegawanya kwa 1.031 na daftari langu la Igawilo lisingekuwa na aibu kubwa. Hata kama bei zingesimama tuli miaka yote mitano, bado hela ya leo ingekuwa nzito kuliko ya kesho, kwa kuwa ya leo unaweza kuitia kazini leo, na ya kesho inaweza isije.

Kwa hiyo kiwango tunakichukua kwenye kazi nyingine ambayo hela hiyo ingefanya, kwa hatari inayofanana. Ukikopa, kianzio chako ni riba unayotozwa. Ukitumia akiba ya kikundi, usiseme "hii ni yetu, haina riba." Kama wanachama wa kikundi chenu wanakopeshana kwa asilimia moja na nusu kwa mwezi, basi kila shilingi mnayoitoa kwenye mzunguko kwenda kununua mashine imeacha kuzaa asilimia moja na nusu kwa mwezi. Hiyo ndiyo gharama yake, hata kama hakuna mtu anayekuja kudai mlangoni.

Hapo pana mtego ambao nimeona watu wazima wakiuingia, mimi nikiwemo. Kuna mikopo ambayo riba yake haishuki pamoja na deni. Unakopa 1,200,000 kwa mwaka mmoja, unaambiwa riba ni asilimia 18, yaani 216,000, halafu jumla inagawanywa kwa miezi 12 na unalipa 118,000 kila mwezi. Sikilizeni hesabu yake. Mwezi wa kwanza kweli unadaiwa 1,200,000. Mwezi wa saba umesharudisha nusu, lakini riba bado unatozwa kana kwamba hela yote iko mfukoni mwako. Kwa wastani wa mwaka mzima ulikaa na deni la kama 650,000 tu, na ukalipia 216,000. Chukua 216 gawanya kwa 650: ni zaidi ya asilimia 30. Hiyo ndiyo riba yako, ile 18 ilikuwa ya kwenye bango.

Rudini kwenye jedwali mweke asilimia 30 mahali pa 18. Milioni nne tano zote zinakuwa na thamani ya leo ya kama 9,742,000. Mashine ya milioni 12 hairudishi mtaji wake mwaka wa tano wala mwaka wowote, kwa kuwa inakufa kabla. Na hata hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Jaribuni asilimia 20. Jumla ya miaka mitano inatoka 11,962,000. Mtaji haurudi, tumekosa 38,000. Kwa asilimia 18 unarudi na ziada ya nusu milioni, kwa asilimia 20 haurudi. Mradi unaoanguka kwa kusukumwa asilimia mbili, mimi naukagua mara mbili kabla ya kuutetea mbele ya kikao. Kwa hiyo msikubali jedwali la kiwango kimoja. Pigeni kwa viwango viwili au vitatu mwone unasimama wapi na unaanguka wapi.

Niliahidi kimoyomoyo kumaliza habari ya Igawilo. Tulilipia mashine mwezi wa sita, tukitegemea kusaga mahindi ya mavuno yale yale. Fundi wa banda akachukua malipo ya awali akaenda zake shamba. Alirudi, akaondoka, akarudi. Mota ikakaa kwenye stoo ya mwenyekiti, imefunikwa gunia. Tulianza kusaga mwaka uliofuata, mwezi wa sita. Kikaoni mjumbe mmoja mwenye busara akasema, "Siyo mbaya, ni mwaka mmoja tu, badala ya miaka mitatu itakuwa minne." Kwa daftari langu alikuwa sahihi kabisa.

Kwa hesabu ya deni hakuwa sahihi hata kidogo. Tulitoa 12,000,000 mwaka ule; milioni nne ya kwanza ikaja mwisho wa mwaka wa pili, ya mwisho ingekuja mwaka wa sita. Kila moja imesogea hatua moja, kwa hiyo kila moja inagawanywa kwa 1.18 mara moja zaidi. Jumla yetu ya 12,509,000 inashuka hadi kama 10,600,000. Mradi uliokuwa na ziada ya nusu milioni umekuwa na pengo la milioni 1.4, na hakuna kilichoharibika: mashine nzima, wateja walewale, bei ileile ya kukoboa debe. Kilichopotea ni mwaka mmoja. Nilikuja kuyajua haya baadaye sana. Wakati ule tulishangaa tu mbona mashine inasaga mchana kutwa na mfuko wa kikundi haunenepi.

Ndiyo maana mkipewa andiko la mradi, msianze na faida. Anzeni na mwaka wa kwanza. Ulizeni hela ya kwanza inaingia mwezi gani, na nani ana sababu ya kuichelewesha.

Mpaka hapo mtadhani naisifu sana njia hii. Sasa niwaonyeshe inapopotosha, na hapa nyanda za juu kusini inapotosha sana kwa sababu sisi ni watu wa miti.

Chukueni shamba la parachichi, tuseme Rungwe au Njombe. Namba hizi nimezitunga kwa ajili ya somo, msiende nazo kwa wakulima. Unaweka 12,000,000, zikiwemo miche, mashimo, mbolea, maji na matunzo ya mwanzo. (Kwa uangalifu zaidi matunzo ya mwaka wa kwanza na wa pili yangewekwa kwenye miaka yake yakiwa na alama ya kutoa, nimeyalundika mwanzoni ili tusichoke.) Mwaka wa kwanza na wa pili hupati kitu. Mwaka wa tatu unapata milioni moja, wa nne milioni nne, wa tano milioni saba, na kuanzia wa sita milioni nane kila mwaka hadi wa kumi na tano.

Kwa kugawanya kwa kawaida mtaji unarudi mwisho wa mwaka wa tano, maana moja na nne na saba ni kumi na mbili. Kwa asilimia 18, ile milioni saba ya mwaka wa tano ina thamani ya leo ya milioni tatu na ushee tu, na hadi hapo umekusanya 5,732,000, hata nusu ya mtaji haijafika. Unaendelea mwaka wa sita, wa saba, na mtaji unarudi mwaka wa nane, mwezi wa tano hivi. Mashine ilirudisha kabla ya mwaka wa tano kuisha. Kama bodi ya mradi imeweka sheria kwamba mtaji lazima urudi ndani ya miaka mitano, mashine imepita, parachichi limetupwa nje.

Lakini tazameni kinachotokea baada ya mtaji kurudi. Mashine inabaki na miezi mitatu na nusu ya kuishi. Parachichi lina miaka saba na zaidi ya kuzaa milioni nane kila mwaka. Nikijumlisha thamani ya leo ya fedha zote za miaka 15 na kutoa mtaji, shamba linaacha ziada ya kama 9,447,000. Mashine inaacha 509,000. Atakayesema si haki kulinganisha miaka 15 na mitano anasema kweli, basi tununue mashine mara tatu mfululizo, kila moja ikifanya kama ya kwanza: ziada ya zote tatu kwa thamani ya leo ni kama 829,000. Bado haisogelei.

Hiyo ziada ya maisha yote ya mradi ndiyo thamani halisi ya sasa, na wiki ijayo mtakutana nayo kama mfalme wa vipimo. Kipindi cha kurejesha mtaji kinaacha kuhesabu pale deni linapoisha. Hakijui kama mti utazaa miaka mingine kumi au utakauka kesho yake. Kwa hiyo maswali ni mawili tofauti. Moja ni: hela yangu itakaa hatarini kwa muda gani? Jingine ni: mwisho wa yote nitabaki na nini? Mjane mwenye milioni 12 moja tu maishani ana haki ya kujali swali la kwanza kuliko la pili, na mimi sitamcheka akichagua mashine. Ila aambiwe anachokiacha.

Misindano ndiyo kesi ngumu kuliko zote, na wenyeji wa Mufindi na Njombe mtanielewa upesi. Shamba la msindano halina mtiririko. Lina mwanzo na mwisho. Tuseme ekari imekugharimu 600,000 na unavuna mwaka wa 18. Ukiuliza mtaji unarudi lini, jibu ni mwaka wa 18, kwa hesabu ya kawaida na kwa thamani ya leo, iwe umepata faida nene au umeponea chupuchupu. Kipimo kimekuwa bubu. Swali lenye maana linakuwa ni bei: kwa asilimia 18, kile 1.18 kikizidishwa chenyewe mara 18 kinafika karibu 19.7, kwa hiyo ekari ile lazima iuzwe kama 11,800,000 ndipo iwe imelipa tu gharama ya kusubiri. Shilingi milioni moja ya mwaka wa 18, leo haifiki hata 51,000.

Mwaka 1849 Mjerumani mmoja wa misitu, Martin Faustmann, alikaa akaipiga hesabu hii hasa, ya thamani ya ardhi yenye miti na umri wa kuikata, na watu wa misitu wanaitumia hadi leo. Kinachotoka humo ni kwamba kadiri riba inavyokuwa kubwa, ndivyo inavyolipa kukata mapema. Mkipita Mafinga mkaona lori limebeba magogo membamba kama mkono, msiseme haraka kwamba mwenye shamba hana subira. Huenda anadaiwa kwa ile riba ya bango niliyowaeleza, na kwa riba ile kila mwaka anaouacha mti usimame unamla zaidi ya mti unavyonenepa.

Kuna swali moja limeletwa kwenye karatasi, naona mwandishi wake anaficha uso. Linasema: "Mwalimu, sisi tuna kikundi, tunataka mashine kama hiyohiyo ya milioni 12. Tununue au tusinunue?"

Kwa bei hiyo, mimi nisingenunua. Umebaki upenyo wa miezi mitatu na nusu, na fundi mmoja wa banda anaumaliza. Lakini jedwali halisemi ndiyo na hapana tu. Linaweza kukupa bei. Jumlisheni thamani ya leo ya miaka minne ya kwanza: 3,390,000, 2,873,000, 2,435,000 na 2,063,000. Inatoka 10,761,000. Ukiipata mashine, mota, banda na umeme kwa jumla isiyozidi hapo, deni lako linaisha mwaka wa nne na mwaka mzima wa tano unakuwa wenu, au unakuwa wa kufidia ucheleweshaji. Kwa hiyo nendeni Mwanjelwa mkaulize bei mkiwa na namba hiyo mfukoni. Muuzaji akigoma kushuka, ulizeni mota iliyotumika, au jengeni banda la mbao badala ya tofali. Na banda liishe kwanza, ndipo mlipie mashine.